Shajara ya mradi: fremu mbili, moja Rangi Tatu, nyingine kwenye simu

Jumatatu, 6 Januari 2025: kabla ya kuanza

Nina miaka 22, nasuka Mbagala Rangi Tatu kwenye fremu ndogo ya 80,000 kwa mwezi. Kiti kimoja, kioo kimoja, stuli tatu za wanaosubiri, na mlango unaotazama mashariki. Mlango nautaja makusudi, utakuja kuwa na kazi. Peji yangu ya Instagram ina miaka miwili, wafuasi 3,140 na posti 84. Desemba nilisuka mpaka vidole vikavimba. Sasa ni Januari, watu wanalipa ada za shule, na leo ni siku ya tatu kiti hakijakaliwa.

Aliyenifanya nianze kuandika haya ni Mangi wa duka la jirani. Alikuja kutafuta chenji akanikuta nanung'unika na simu, akaichukua mkononi mwangu na kuanza kuperuzi kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayekagua mzigo.

"Mdogo wangu, hapa unauza nini?"

"Kusuka, Mangi."

"Bei gani?"

"Si imeandikwa hapo, njoo inboksi."

"Na uko wapi?"

Hapo hapakuwa na maandishi. Pia akanionyesha dada mmoja mwenye rasta za kupendeza, nyuma yake ukuta wa matofali mekundu ambao Mbagala nzima hauupati. "Huyu nani?" Simjui. Nilimtoa mtandaoni.

Mangi akanirudishia simu. "Nikitundika nje picha ya mchele wa duka la mwenzangu, bei nikaficha chini ya kaunta, na mtaa nikaufuta kwenye bango, nitauza?" Akachukua chenji yake akaondoka.

Nimeamua hivi: kila Jumatatu, siku nitakayokuwa nafunga, naishughulikia peji kama ninavyofagia fremu. Naandika nilichofanya, kilichoharibika na pesa iliyotoka, ili msusi mwingine akitaka kufuata asianguke nilipoanguka mimi.

Jumatatu, 13 Januari: kushusha mzigo usio wangu

Nimefuta posti 61 kati ya 84. Hakuna hata moja kati yake iliyokuwa kazi yangu. Iliniuma, kwa sababu ndizo zilizokuwa na laiki nyingi. Lakini nilipokaa kufikiria nikakumbuka wateja wangapi walifika na picha mojawapo kwenye simu zao wakasema "nataka hii hii", halafu nikawa naeleza kwamba yule kasukwa kwa nywele za aina nyingine, kapigwa picha na mtu wa kazi hiyo, na pengine hata rangi imeongezwa baadaye. Maelezo yale yote nilikuwa najitakia mwenyewe.

Zimebaki 23. Kati yake zinazoonekana vizuri ni tisa. Nyingine zote nilipiga jioni chini ya balbu ya njano, mteja kaupa mlango mgongo, uso mweusi na nyuma yake mwanga mweupe kama kasimama mbele ya tanuri.

Gharama: sifuri. Wafuasi waliopungua: 40 hivi.

Jumatatu, 20 Januari: balbu iliyonitia hasara

Hii naieleza kwa urefu maana ndiyo iliyonigharimu kuliko zote za mwezi huu.

Ijumaa alikuja dada mmoja wa Kijichi. Alichagua posti yangu mwenyewe, si ya kuiba, akasema anataka rangi ile. Niliikumbuka kazi ile vizuri, ilikuwa namba 33, kahawia iliyoelekea wekundu. Nikanunua pakiti tano za 33, kila moja 4,000, nikaanza kumsuka notlesi saa nne asubuhi. Saa nane, nusu ya kichwa imekwisha, akatoka nje kupokea simu. Akarudi ameshika msuko mmoja mkononi.

"Dada, hii siyo. Mimi nilitaka ile ya shaba."

Tukaifungua ile posti pamoja. Kweli, kwenye picha nywele zinang'aa kama chungu kipya. Balbu ya njano ilishaivuta rangi, na mimi nikaongeza kichujio juu yake kwa sababu nilikiona kinapendeza. Alichokiona dirishani kwangu kilikuwa karibu na namba 350. Nilichokuwa nacho ndani ni 33. Hakuwa na kosa.

Nikafumua. Nikaenda kununua pakiti tano za 350 kwa pesa yangu, 20,000 nyingine. Nikamaliza saa nne usiku, mtoto wake amelala juu ya stuli mbili. Akanilipa 40,000 tulizokubaliana na sikumdai zaidi. Ukitoa rasta za aina zote mbili, siku nzima na nusu ya usiku nilibakiwa na elfu sifuri na mgongo.

Dawa niliyoipata haina gharama. Nilidhani nahitaji ringi laiti, na niliinunua kweli Kariakoo kwa 28,000, lakini sasa naitumia usiku tu. Picha zote za rangi napiga kabla ya saa tano asubuhi, mlangoni. Jua la asubuhi linaangukia kibarazani, kwa hiyo namkalisha mteja hatua moja ndani, kwenye kivuli, akitazama nje. Mimi nasimama nje, mgongo wangu ndio unaolitazama jua. Nyuma yake nimetundika shuka jeupe lisilo na maua, kwa sababu ukuta wangu wa kijani unaibadilisha rangi ya nywele. Balbu nazima. Ukiacha balbu inawaka huku mwanga wa mchana unaingia, upande mmoja wa kichwa unakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na simu haijui imfuate nani.

Kichujio sigusi tena. Na katika kila picha ya rangi, mteja anashika pakiti ya rasta, namba inaonekana. Hata simu ya mtazamaji ikiwa na kioo kibovu, namba haidanganyi. Walionisuka mimi utotoni wangecheka kuona mtu kashika pakiti kama kitambulisho, lakini tangu nianze hakuna aliyebishana nami kuhusu rangi.

Jumatatu, 3 Februari: bango, bei na kiungo kilichokufa

Bango langu la zamani, yaani ile bio, lilisema: "Urembo ni kipaji. Mungu kwanza. Bei njoo DM." Instagram inakupa herufi 150 tu pale juu, na mimi nilizitumia kumwambia mtu mambo ambayo hakuyauliza. La sasa linasema:

"Saluni ya kusuka, Mbagala Rangi Tatu. Jumanne–Jumapili saa 2 asubuhi–saa 1 usiku. Jumatatu nimefunga. Bei: posti ya kwanza. Nafasi: gusa chini."

Sehemu ya jina, ile yenye wino mzito, nimeandika "Msusi Mbagala" badala ya jina langu na vikopa viwili. Anayetafuta msusi huandika "msusi" na mtaa wake. Jina langu hatalijua mpaka afike.

Bei ndiyo niliyoiogopa. Nilidhani nikiandika, wenzangu watashusha yao na wateja watakimbia. Lakini niliwahesabu: wiki mbili za Januari waliouliza "bei?" kwenye inboksi walikuwa 47, waliofika sita. Nilikuwa najibu watu 41 bure, wengine usiku wa manane.

Mara ya kwanza niliandika "Notlesi kuanzia 20,000". Kosa. Neno "kuanzia" hakuna anayelisoma. Dada mmoja akaja anataka nyembamba za kufika kiunoni, kashika noti mbili za kumi. Tukabishana mlangoni mbele ya watu, akaondoka.

Nikairudia. Posti ya kwanza niliyoibandika juu (unaweza kubandika tatu) ina picha tatu za vichwa nilivyosuka mimi, na kila picha ina bei yake ikiwa pamoja na rasta: nene za mabegani 25,000, saa tatu. Za kati za mgongoni 40,000, saa tano. Nyembamba za kiunoni 65,000, saa nane mpaka tisa. Saa niliziweka kwa ajili ya wenye watoto na wanaoomba ruhusa kazini, na nimeona ndizo zinazoulizwa kuliko nilivyodhani. Ya pili iliyobandikwa ni ya twende kilioni na mabutu ya 5,000. Ya tatu ni video fupi ya kutembea kutoka kituoni mpaka mlangoni kwangu, sekunde 40, bila muziki, nikitaja ninachokipita: muuza chipsi, duka la Mangi, mimi.

Halafu nikangoja. Siku nne kimya kabisa, hata "bei?" moja haikuja. Nikaanza kuamini nimejiua. Siku ya tano mteja wangu wa zamani akanikuta sokoni: "We dada, mbona ukigusa pale inasema namba haiko WhatsApp?"

Kiungo nilikiandika hivi:

```
https://wa.me/07XXXXXXXX
```

Kinatakiwa kiwe hivi, na namba ya nchi, bila ile sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nahitaji%20kusuka
```

Maneno ya mwisho yanamwandikia mteja salamu tayari, yeye anabonyeza kutuma tu, na zile `%20` ndizo nafasi kati ya maneno. Siku nne nilikuwa nimefungua duka na kufuli liko nje. Tangu hapo kila Jumatatu nachukua simu ya Mangi nagusa kiungo changu mwenyewe. Simu yangu haifai kwa jaribio hili, mimi namba yangu naijua.

Wiki mbili baada ya kurekebisha: waliouliza 22, waliofika 11.

Jumatatu, 17 Februari: kianzio

Wateja wameongezeka na tatizo jipya limekuja nao. "Nakuja kesho saa tatu." Nawakatalia wengine, kesho inafika, saa tatu, saa nne, simu haipokelewi. Kuna wiki walikuwa wanne. Nikaamua kudai kianzio cha 10,000 kinachokatwa kwenye bei.

Wa kwanza kuambiwa aliniandikia: "Kumbe na wewe ni walewale." Akanifungia.

Nilikasirika, nikaenda kwa Mangi kulalamika. Akaniuliza pesa inaenda kwa jina gani. Nikanyamaza. Laini niliyokuwa napokelea M-Pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Kwa hiyo mteja anaweka namba ya "Msusi Mbagala", anaona jina la mtu mzima asiyemjua, kwenye peji isiyo na sura ya mtu hata mmoja anayesuka. Mimi mwenyewe nisingetuma.

Kilichofuata ni siku moja ya kazi. Nimesajili laini kwa kitambulisho changu, na jina linalotokea wakati wa kutuma nimeliandika kwenye ujumbe wa kianzio: "Litatokea jina hili, lisipotokea usitume." Nimepiga picha nikiwa nimesimama mbele ya fremu, bango la rangi juu ya kichwa, duka la Mangi pembeni. Mangi alikataa kuonekana, ila alikubali mkono wake uonekane kaunta. Na nimeandika masharti kwa ufupi: ukiahirisha kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ya nyuma yake, pesa inarudi yote. Ukikaa kimya, hairudi.

Nimeshairudisha mara mbili. Wa pili, nilipomrudishia, alishangaa mpaka akapiga simu kuhakikisha. Wiki iliyofuata akaja na dada yake.

Gharama: bango jipya la mbao na rangi 35,000.

Jumatatu, 24 Februari: kichwa ambacho hakikuwa cha kuonyeshwa

Nimeandika na kufuta mara kadhaa. Naiacha.

Jumatano alikuja dada mmoja wa hijabu. Alikaa, akafungua mtandio, nikamsuka za kati za mgongoni. Nywele nzuri sana, msuko ulilala kama umepigwa rula. Mlangoni palikuwa na mwanga ule ninaoutaka. Nikampiga picha ya nyuma, uso hauonekani. Alikuwa anaongea na simu, nikamwonyesha kwa ishara, akatikisa kichwa. Nilichukulia ni ndiyo. Nikaposti.

Saa tatu usiku akapiga. Hakufoka. "Dada, hicho kichwa ni changu. Nina kovu nyuma ya sikio. Wifi yangu ndiye kanitumia."

Nilifuta papo hapo, lakini posti ilikuwa imekaa saa kadhaa, na wifi alikuwa na skrinishoti. Ukifuta unaondoa kilichoko dirishani kwako, walioshabeba wameshabeba.

Asubuhi nikaenda kwao, nimebeba sukari kilo mbili kwa sababu sikujua mtu anabeba nini kwenda kuomba radhi ya nywele. Mama yake ndiye aliyenipokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nywele zile hata shemeji zake hawajawahi kuziona. Wewe umewaonyesha watu elfu tatu." Sikuwa na la kujibu. Yule dada alitoka, akanisalimia, akasema yameisha. Kwangu hajarudi kusuka.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Hesabu yangu yote ya mwezi na nusu ilikuwa ya kutoa vitu mbele: mwanga, bei, sura, njia. Fremu ya kweli ina sehemu ya ndani pia, na wateja wengine wanaijia hiyo hiyo. Peji yangu haikuwa na ndani.

Sasa naomba ruhusa kabla sijashika chanuo, kwa mdomo, na swali moja: "Naweza kukupiga picha nikaiweka, au hapana?" Akisita, hiyo ni hapana. Nikimaliza, namwonyesha picha yenyewe kabla haijapanda. Kuuliza mwishoni ni kubaya, mtu amechoka, ameshukuru, anaona aibu kukataa. Kwa mitindo ninayokosa picha, nimenunua kichwa cha mdoli, 45,000. Nywele zake si nzuri, ila hana wifi.

Jumatatu, 17 Machi: pazia

Ramadhani, mchana saluni imelala. Nimetumia muda huo kufunga pazia zito kutoka ukuta hadi ukuta, nyuma ya kiti: kitambaa 18,000, bomba na ndoano 7,000. Fundi aliliweka juu mno, likawa linaacha upenyo wa shubiri nzima chini. Anayekaa kibarazani angeona miguu tu, lakini mteja aliye ndani anauona ule upenyo muda wote, na hatulii. Nimeongezea pindo la khanga.

Kwenye peji nimeweka picha ya pazia likiwa limefungwa. Hakuna mtu, hakuna nywele. Chini nimeandika: "Mnaositirika: kuna pazia, msusi ni mwanamke, simu yangu inabaki nje kwa Mangi." Na inabaki kweli. Ina hasara yake, maana wanaoulizia nafasi wanangoja saa tano bila jibu. Nimeweka ujumbe wa kujijibu kwenye WhatsApp Business: "Nina mteja mkononi, nitajibu saa fulani." Wengi wanangoja. Kumbe kilichokuwa kinawaudhi ni ukimya.

Laiki za picha ya pazia: 31. Ni chache kuliko posti yoyote niliyowahi kuweka. Waliobonyeza kiungo wiki hiyo ni wengi kuliko wiki yoyote.

Jumatatu, 7 Aprili: baada ya Idi

Kumi la mwisho nilisuka vichwa 34, na 19 kati yake nyuma ya pazia. Wengi walifika wakiwa wameshalipa kianzio, wanajua bei, wanajua watakaa saa ngapi. Mmoja tu aliuliza nilipo, naye alikuwa amesimama kwa muuza chipsi.

Pesa iliyotoka tangu Januari: ringi laiti 28,000, rasta za yule dada wa Kijichi 40,000, bango 35,000, mdoli 45,000, pazia 25,000. Jumla 173,000, mbali na bando, ambalo ningelinunua hata hivyo. Nikianza upya ningeacha ringi laiti, na pazia ningelifunga mwezi wa kwanza.

Wafuasi: 3,060. Wamepungua 80.

Ambalo halijatengemaa ni daftari. Nilimpa mdogo wangu simu ya pili ajibu nikiwa pazia limefungwa. Anajibu vizuri, ana adabu, anaandika "karibu sana dada" kila mahali. Lakini yeye anaandika nafasi kwenye simu na mimi naandika kwenye daftari la karatasi, na jana usiku tumelinganisha. Jumamosi saa mbili asubuhi nina watu wawili wa kiunoni, wote wamelipa kianzio. Nimempigia mwenzangu wa Zakhem aje anishike mkono kwa 20,000. Amesema atakuja, ila anauliza kama kuna stuli.